Ukope, utafsiri au utumie neno lililopo? Mwongozo wa kuunda istilahi, kwa mfano wa unyevu wa udongo katika mashamba ya zabibu Dodoma

Mwongozo huu ni kwa anayeandika au kutafsiri maelezo ya kitaalamu kwa Kiswahili na akakutana na dhana ambayo bado haina jina lililotulia. Njia za kuipa jina zinajulikana: kulikopa neno la kigeni na kuliswahilisha, kulitafsiri sehemu kwa sehemu (wanaisimu huita tafsiri mkopo), au kuchukua neno ambalo Kiswahili kinalo tayari na kulipanua maana. Ugumu uko katika kuamua ni ipi inafaa kwa dhana iliyo mbele yako.

Nitaonyesha uamuzi huo kwa kazi moja: kijitabu cha maelezo kwa wakulima wa zabibu wanaomwagilia kwa matone, waanze kupima unyevu wa udongo badala ya kufungulia maji kwa kukisia. Hapa Dodoma mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo sehemu kubwa ya maisha ya mzabibu inategemea maji ya bomba au kisima. Mkulima akikosea kusoma kipimo, hasara yake ni ya fedha. Ndiyo maana istilahi za kijitabu cha namna hii hazitakiwi kupendeza tu. Zinatakiwa zimfanye mtu afungue koki kwa wakati sahihi.

Dhana zilizotusumbua zilikuwa tatu, na kila moja ilienda njia yake. Ya kwanza ni kifaa kinachochomekwa ardhini na kutuma taarifa ya unyevu. Ya pili ni viwango vya maji kwenye udongo, ambavyo wataalamu wa umwagiliaji huvitumia kuamua lini maji yanatosha na lini yamepungua mno. Ya tatu ni kipimo chenye bomba la maji, kikombe cha kauri chini na saa ya kusomea juu, kinachoonyesha mzizi unavuta maji kwa nguvu kiasi gani.

Hatua ya kwanza: andika dhana kabla ya kutafuta jina

Chukua karatasi na uandike, kwa sentensi moja au mbili, kitu hicho ni nini na kinatofautiana na jirani yake kwa lipi. Usilitaje kabisa neno la Kiingereza. Usipoweza kuandika sentensi hiyo, hujaielewa dhana, na jina lolote utakaloliunda litakuwa na kasoro hiyohiyo.

Kwa viwango vya maji tuliandika hivi. Kipo kiwango ambacho matundu yote ya udongo yamejaa maji na hewa imetoka. Hii ni hali ya muda mfupi baada ya mvua kubwa. Kipo kiwango ambacho maji ya ziada yamekwisha kuzama chini na udongo umebaki na yale tu unayoweza kuyazuia yasishuke. Udongo wa kichanga hufika hapo baada ya siku moja hivi, wa mfinyanzi baada ya siku mbili au tatu. Na kipo kiwango ambacho maji bado yamo kwenye udongo lakini mzizi hauwezi tena kuyavuta, mmea unanyauka na haunyanyuki hata usiku ukiingia na jua likaondoka. Maji yanayomfaa mkulima yako kati ya kiwango cha pili na cha tatu.

Ona kwamba sentensi hizo tayari zimetaja maneno yenye kufaa: kujaa, kuzuia, kuvuta, kunyauka. Mara nyingi istilahi nzuri hujitokeza hapa, katika maelezo ya kawaida, kabla hujafungua kamusi yoyote. Ona pia kwamba dhana hizi zinakuja kwa kundi. Dhana zinazokaa pamoja zipewe majina pamoja, kwa muundo mmoja. Ukizibatiza mojamoja, kwa siku tofauti, utaishia na moja ya mkopo, nyingine ya tafsiri na ya tatu sentensi ndefu, na msomaji hatajua kwamba ni ngazi tatu za kitu kimoja.

Hatua ya pili: tafuta lililopo, kwenye vitabu na kwenye vinywa

Anza na kamusi na orodha za istilahi zilizosanifiwa. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lilianzishwa kwa sheria mwaka 1967, na usanifishaji wa istilahi ni sehemu ya kazi zake tangu mwanzo. Kama dhana yako ina istilahi iliyokwisha kupitishwa na inaeleweka, itumie. Maafisa ugani wa zabibu, kwa mfano, wana ubwiri unga na ubwiri vinyoya kwa magonjwa mawili ya ukungu wa majani. Hayo ni majina mazuri: neno moja la Kiswahili limebeba jamii ya ugonjwa, na neno la pili linaonyesha tofauti inayoonekana kwa macho, mmoja kama unga na mwingine kama manyoya. Asiwepo mtu wa kuja na jina jipya la magonjwa hayo.

Kisha nenda kwa watu. Hapa namna ya kuuliza ina uzito kuliko idadi ya unaowauliza. Usimuulize mkulima, “Neno hili la Kiingereza kwa Kiswahili ni nini?” Atakutafsiria papo hapo ili kukusaidia, na utarudi na neno lililobuniwa mbele yako. Mpe kitu mkononi au mwonyeshe hali, halafu uulize wanavyoiita. Tulikwenda kwenye shamba moja siku ya pili baada ya kumwagilia, tukachimba kina cha mkono, tukatoa bonge la udongo. Ukilifinya linashikana, maji hayachuruziki, kiganja kinabaki na unyevu.

“Mzee, udongo ukiwa hivi mnasemaje?”

“Hapo umeshika maji. Hauhitaji kitu leo.”

“Na jana asubuhi, mlipofunga koki?”

“Jana ulikuwa umejaa, ukikanyaga unazama.”

Mazungumzo mafupi hayo yametupa viwango viwili kati ya vitatu, kutoka kwa mtu ambaye hajui kwamba tunatafuta istilahi. Ukiwauliza watu kadhaa wasiosikilizana, na wengi wakarudia kitenzi kilekile, una ushahidi.

Usiishie kwenye Kiswahili cha mjini peke yake. Lugha za jirani zimekwisha kukipa Kiswahili istilahi za maana: ikulu ilitoka Kinyamwezi, ngeli ya wanaisimu ilitoka Kihaya, na kitivo cha chuo kikuu kilikuwa ardhi yenye rutuba bondeni kwa Wapare na Wasambaa kabla ya kuhamia kwenye elimu. Hapa kwetu, waulize wasemaji wa Kigogo na Kirangi kuhusu udongo, miti na mifugo. Wana majina ya aina za udongo ambayo Kiswahili sanifu hakina. Lakini neno la kijijini likubali kutamkwa na mtu wa Tanga au Kigoma bila shida, la sivyo libaki katika maelezo ya pembeni.

Hatua ya tatu: amua

Kanuni ninayoifuata ni kuanza na neno lililopo, na kuliacha tu pale linapoleta utata. Nikiliacha, naangalia kama dhana imejengwa kwa sehemu zinazoeleweka kwa Kiswahili. Kama ndiyo, natafsiri wazo lake. Kama jina ni la kipimo, elementi, kemikali au bidhaa ambayo mtu ataitafuta dukani kwa jina hilohilo, nakopa bila kusitasita. Kanuni hiyo ni fupi, lakini kazi yenyewe imo ndani ya kila kisa.

*Kisa cha kwanza: kifaa kinachohisi unyevu.* Mafundi wengi wanakiita sensa. Ni mkopo uliokwisha kuingia vinywani, unatamkika vizuri, na kawaida ningeukubali. Tatizo ni kwamba Kiswahili kina sensa nyingine, ya kuhesabu watu, na hilo si neno la pembezoni. Tangu sensa ya watu na makazi ya Agosti 2022 hakuna kaya isiyolijua. Tena ipo sensa ya kilimo, inayofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, na makao makuu ya ofisi hiyo yako hapahapa Dodoma. Andika kwenye kijitabu “sensa za kilimo zitawekwa kwenye mashamba ya Chinangali” na mkulima atasubiri karani mwenye daftari. Maneno mawili yenye umbo moja huweza kuishi pamoja kama hayakutani. Paa ni la nyumba na paa ni mnyama, na hakuna anayechanganyikiwa. Haya mawili yanakutana katika shamba lilelile, kwa msomaji yuleyule. Kwa hiyo sensa inaondoka.

Unaweza kuuokoa mkopo kwa kuufuata kwa maandishi badala ya sauti, ukapata sensori. Utata unakwisha. Lakini angalia upande wa pili. Kiswahili kina kitenzi hisi, na kina kanuni hai ya kutoa jina la kifaa kwa kiambishi ki-: kitu kinachochonga ni kichongeo, kinachokokotoa ni kikokotoo, kinachochuja ni kichujio. Kinachohisi ni kihisi. Mkulima aliyeambiwa “kihisi unyevu” anaelewa kazi ya kifaa kabla hajakiona, jambo ambalo sensori haiwezi kumpa. Pia kihisi kinaingia katika ngeli yenye umoja na wingi unaosikika: kihisi kimoja, vihisi viwili. Katika maelezo ya kufunga vifaa hilo si dogo, kwa sababu “weka sensori katikati ya mstari” haisemi ni ngapi. Na neno linazaa: kifaa kimehisi, hakihisi, uhisi wake umepungua kwa sababu ya chumvi. Tukachagua kihisi, kikifuatwa na kile kinachohisiwa: kihisi unyevu, kihisi joto, kihisi mwanga. Kumbuka mpangilio. Kiingereza huweka jina kuu mwisho, Kiswahili huliweka mwanzo, na watafsiri waliochoka ndipo huandika mambo kama “unyevu kihisi”.

*Kisa cha pili: viwango vya maji.* Hapa ndipo tafsiri ya sehemu kwa sehemu inapoonyesha hatari yake. Kile kiwango cha pili, ambacho udongo umebaki na maji unayoweza kuyazuia, kwa Kiingereza kina jina la maneno mawili, na mtu mwenye kamusi atayageuza kuwa “uwezo wa shamba”. Kila neno limetafsiriwa sawasawa. Msomee mkulima: “Subiri udongo ufikie uwezo wa shamba ndipo upime.” Atafikiri unazungumzia mavuno kwa ekari, au ukubwa wa eneo. Jina la Kiingereza lenyewe ni baya. Haliielezi dhana, wataalamu wamelizoea tu. Ukitafsiri jina baya kwa uaminifu, umeurithi ubaya wake bila kurithi mazoea. Ndiyo maana nasema tafsiri wazo, na wazo tulikwisha kuliandika katika hatua ya kwanza.

Neno lililojitokeza kwanza kwenye kikao lilikuwa kushiba. Ni tamu, ni la Kiswahili kabisa, na watu husema udongo umeshiba maji. Tulilijaribu kwa muda. Likaleta matatizo mawili. Wakulima walipolisikia, baadhi walifikiria udongo unaozama ukikanyagwa, wengine udongo uliotulia siku mbili baadaye. Yaani neno moja liligawanyika katikati ya mpaka uleule tuliotaka kuuchora. Na kwa mtu aliyesoma kemia, kushiba humkumbusha mmumunyo uliofika mwisho wa kuyeyusha, jambo linalomvuta kwenye kujaa, si kwenye kiwango chetu. Neno lililopo linapogawanya wasikilizaji namna hiyo, liache hata kama unalipenda.

Tulirudi kwa yule mzee: umejaa, umeshika. Tukapata kiwango cha kujaa na kiwango cha kushika maji. Hapo mmoja wetu akapendekeza kushiba kutumike kwa ule wa kwanza, kwa kuwa kushika sasa kumechukua wa pili. Kiwango cha kushiba na kiwango cha kushika! Herufi moja tu inatenganisha “acha kumwagilia, mizizi inakosa hewa” na “hali ni nzuri”. Kwenye simu yenye kelele, au kwenye karatasi iliyotolewa nakala ya nakala, mtu atasoma moja akidhani ni nyingine. Istilahi za kundi moja zinatakiwa zifanane muundo na zitofautiane sauti. Kujaa, kushika, kunyauka: tatu hizo hazichanganyiki hata ukizisema haraka.

Kushika kulihitaji uangalizi mmoja zaidi. Wataalamu wana dhana jirani, ile ya jumla ya maji ambayo aina fulani ya udongo inaweza kuyahifadhi kwa ajili ya mmea. Hiyo tuliiita uwezo wa kushika maji, na ile ya awali ikabaki kiwango cha kushika maji. Kiwango ni alama kwenye kipimo, uwezo ni sifa ya udongo. Tofauti hiyo ni halali kwa Kiswahili cha kila siku, lakini iandikwe wazi kwenye ukurasa wa mwanzo, kwa sababu msomaji wa haraka anaweza kuiruka.

Kiwango cha tatu kilionekana rahisi. Kiingereza chake kinataja kunyauka, na Kiswahili kinataja kunyauka, tafsiri imenyooka. Kasoro ilikuwa katika kivumishi. Kutafsiri kwa neno kunatoa “kunyauka kwa kudumu”. Katika kilimo, hata hivyo, kudumu kumekwisha kupewa kazi: mazao ya kudumu ni yale yanayokaa shambani miaka mingi, na mzabibu wenyewe ni zao la kudumu. Zaidi ya hapo, kudumu kwa sikio la Mswahili ni jambo jema, tunaombeana kudumu. Linalotakiwa kusemwa hapa ni kwamba mmea umenyauka na hautanyanyuka tena. Mzabibu unaweza kulegea saa nane mchana na jioni ukasimama. Huko si kunyauka tunakokutafuta. Kwa hiyo tuliandika kiwango cha kunyauka kabisa. Wanafizikia wa udongo hukiweka kwa makubaliano kwenye mvuto wa 1500 kPa, na tuliiacha takwimu hiyo kwenye kiambatisho, maana mkulima hana kifaa cha kuisoma.

*Kisa cha tatu: kipimo chenye kikombe cha kauri.* Hiki tulikikopa: tensiomita. Tulianza kwa kujaribu kutafsiri. Kiswahili kina muundo mzuri wa kipima-, kama kipimajoto, kwa hiyo kipimamvuto kilipendekezwa. Lakini mvuto na mvutano shuleni ni nguvu ya dunia inayoangusha embe, na mwanafunzi wa kidato cha pili anayemsomea baba yake kijitabu atampeleka huko. Kipimaunyevu nacho si sahihi, kwa sababu kifaa hiki hakipimi kiasi cha maji. Kinapima ugumu wa kuyavuta, na udongo wa mfinyanzi wenye maji mengi unaweza kuonyesha ugumu mkubwa kuliko kichanga chenye maji machache. Jina linalodanganya ni baya kuliko jina lisilosema kitu.

Sababu ya pili ni duka. Mkulima atakwenda kuulizia kifaa hiki kwa muuza pembejeo, na jina lililo kwenye boksi ni hilohilo la kigeni. Akisema tensiomita ataeleweka. Na kipimo chenyewe kina alama ya kPa kwenye saa yake, kwa hiyo kilopaskali nayo ilikopwa bila mjadala, kama tulivyokopa naitrojeni na potasiamu. Vipimo na elementi ni mali ya dunia nzima. Anayevitungia majina ya nyumbani anamfungia msomaji mlango wa vitabu vingine.

Ukishaamua kukopa, fanya kazi ya kukopa ipasavyo. Litamke neno kwa silabi za Kiswahili na usikilize mkazo ukianguka silabi ya pili kutoka mwisho: ten-si-o-MI-ta. Mfuatano wa n na s haukatazwi, tuna pensheni na densi. Utakuta maneno ya aina hii yameandikwa kwa -mita na pengine kwa -meta. Chagua moja na usiibadilishe hadi mwisho wa kijitabu. Amua ngeli mapema: tensiomita hii, tensiomita hizi. Sauti zikileta ki- au vi- mwanzoni, Waswahili wenyewe wataipanga ngeli, kama walivyofanya kwa kitabu na vitabu, kilabu na vilabu, hata kipilefti na vipilefti barabarani. Usipigane na jambo hilo.

Hatua ya nne: jaribu neno kabla ya kulichapa

Jaribio ninaloliamini ni la kitendo. Mpe mtu ambaye hakuwa kwenye kikao sentensi moja ya kijitabu, usimweleze chochote, kisha muulize angefanya nini. “Kihisi kikionyesha udongo umeshuka chini ya kiwango cha kushika maji, fungulia koki.” Akisema angefungulia maji, neno limefanya kazi. Akikuuliza neno maana yake nini, bado si kosa, istilahi mpya huulizwa. Andika tu ufafanuzi mahali linapotokea mara ya kwanza. Hatari ni yule anayejibu kwa uhakika na kujibu visivyo. Kwa “uwezo wa shamba” tulipata majibu ya namna hiyo, na ndiyo yaliyoliua.

Usimuulize mtu kama analipenda neno. Watu husifu maneno magumu wakidhani ndiyo ya kitaalamu, na siku inayofuata wanatumia jingine.

Fanya pia jaribio la sikio. Lisome neno kwa simu kwa mtu aliye mbali, aliandike. Ukiona analiandika kama neno jingine linalofahamika, una utata ambao macho yako hayakuuona. Ngamizi, jina lililopendekezwa zamani kwa kompyuta, linakaa karibu mno na angamiza, na sidhani kama hilo lililisaidia, kompyuta ilipita. Tarakilishi inasikika zaidi Kenya, imejengwa kwa ustadi kutoka kwenye tarakimu na akili, ila Mtanzania wa kawaida bado anasema kompyuta. Waulize pia wasemaji wa lugha za eneo husika kama neno linagusa tusi kwao. Ni swali la aibu kidogo, na ni heri kuliuliza mapema kwa faragha kuliko kucheka kuanza kwenye mkutano wa kijiji.

Mwisho wa hatua hii, pekua magazeti na mijadala ya Bunge. Neno linaweza kuwa safi kwenye kamusi na kuwa limechukuliwa mtaani. Kikokotoo ni jina halali la mashine ya kupigia hesabu, lakini tangu mjadala wa mafao ya wastaafu uliopamba moto mwaka 2018, mtumishi wa umma akisikia kikokotoo anafikiria pensheni yake. Tulipohitaji jina la jedwali la kukadiria maji kwa wiki, tulilikwepa neno hilo na kuandika jedwali la makadirio ya maji.

Hatua ya tano: andika kadi ya kila istilahi

Kadi iwe na istilahi yenyewe, ngeli yake na wingi wake, ile sentensi ya dhana ya hatua ya kwanza, mfano mmoja wa matumizi, majina mengine yanayosikika, na sababu ya kuyaacha. Kwa kihisi, kadi yetu ilisomeka: kihisi, wingi vihisi, kifaa kinachowekwa mahali ili kutambua hali fulani na kuitoa kama taarifa, “Choma kihisi unyevu kwenye kina cha mizizi”, mafundi husema sensa, limeachwa kwa sababu linagongana na sensa ya kilimo, sensori haina utata, limeachwa kwa sababu halijielezi.

Sababu za kuacha ndizo watu wanazozisahau kuandika, na ndizo zinazohitajika zaidi. Baada ya mwaka mmoja atakuja mhariri mpya, aone kihisi, aseme kila mtu anasema sensa, na abadilishe kurasa zote. Akikuta kadi, atakuwa na hoja ya kujibu. Kadi hizohizo ndizo za kuwapelekea BAKITA unapoomba istilahi zako ziangaliwe, na kuwapa wataalamu wa zabibu wa kituo cha utafiti cha TARI Makutupora wazikague kwa upande wa sayansi. Mwanaisimu atakuambia kama neno limeundwa vizuri. Ni mtaalamu wa udongo atakayekuambia kama mpaka kati ya kushika na kujaa umeuchora mahali pake.

Hatua ya sita: mpe fundi nafasi yake

Istilahi uliyoichagua haitaifuta ile inayotumika. Mafundi wataendelea kusema sensa, na mkulima atazungumza na fundi mara nyingi kuliko atakavyofungua kijitabu. Kwa hiyo mahali kihisi kinapotajwa mara ya kwanza, andika kwamba mafundi hukiita sensa, kisha endelea na kihisi peke yake hadi mwisho. Usibadilishane maneno hayo mawili ili kupamba maandishi. Katika maelezo ya kitaalamu msomaji anayeona majina mawili ana haki ya kudhani ni vitu viwili. Kwenye faharasa ya nyuma weka yote, lile lililoachwa likimwelekeza msomaji kwenye lililochaguliwa: sensa, tazama kihisi, uwezo wa shamba, tazama kiwango cha kushika maji. Wa pili huo uwekwe kwa ajili ya afisa ugani aliyekutana nao kwenye tafsiri nyingine.

Toleo la pili likifika, rudi shambani na usikilize. Kama wakulima wenyewe, wakiongea wao kwa wao bila wewe kuuliza, wanasema kihisi, kadi inabaki ilivyo. Kama baada ya misimu miwili ya mavuno hakuna anayelitamka na utata ulioogopa haujatokea hata mara moja, fungua kadi, soma sababu ulizoandika, na uzipime upya moja baada ya nyingine.